Kutoka tabaka la kawaida hadi konvolusheni: mwongozo wa kufuata kwa penseli, kisha kwa msimbo

Kila anayetoka kwenye mitandao ya nyuroni ya kawaida na kuingia kwenye konvolusheni huniuliza maswali yaleyale matatu. Nani anaandika namba zilizo ndani ya filta? Kwa nini filta ya 3 kwa 3 wakati mwingine ina namba 72 badala ya 9? Na ile namba ya kuingilia kwenye `Linear` ya mwisho inatoka wapi? Nimechoka kuyajibu moja moja, kwa hiyo nimeyaweka hapa kwa mpangilio ambao yatajijibu yenyewe ukifanya kazi kwa mkono wako.

Nachukulia kwamba unajua tabaka la kawaida, lile ambalo kila nyuroni imeunganishwa na kila namba inayoingia: unazidisha, unajumlisha, unaongeza baiasi, unapitisha kwenye `ReLU`. Ukijua hilo, hakuna hesabu mpya utakayokutana nayo.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Karatasi ya miraba na penseli. Usiziruke. Hatua tatu za kwanza zinafanyika hapo.
- Python yenye PyTorch. Kompyuta ya kawaida inatosha.
- Data ya MNIST: picha 60,000 za tarakimu zilizoandikwa kwa mkono za kufundishia na 10,000 za kupimia, kila moja ikiwa na pikseli 28 kwa 28. Utaihitaji hatua ya 6 tu.

Hatua ya 1: Pitisha filta moja kwa mkono

Chora mraba wa 6 kwa 6. Safuwima tatu za kushoto zijaze 0, tatu za kulia zijaze 1. Hiyo ndiyo picha yetu: giza kushoto, mwanga kulia, na mpaka mmoja wima katikati. Kila mstari unasomeka hivi:

```
0 0 0 1 1 1
```

Sasa chora filta, yaani mraba mdogo wa 3 kwa 3 wenye namba hizi:

```
-1 0 1
-1 0 1
-1 0 1
```

Iweke filta juu ya kona ya kushoto ya picha. Kila namba ya filta izidishe na pikseli iliyo chini yake, kisha jumlisha matokeo yote tisa. Hapo pikseli zote ni 0, kwa hiyo unapata 0. Isogeze pikseli moja kulia. Sasa safuwima ya mwisho iliyo chini ya filta ina 1 tatu, na unapata 3. Isogeze tena: 3. Isogeze mara ya mwisho: pikseli zote chini yake ni 1, upande wa kushoto unatoa -3 na wa kulia 3, jumla 0. Shuka mstari mmoja na urudie. Ukimaliza utakuwa na mraba wa 4 kwa 4 ambao kila mstari wake ni:

```
0 3 3 0
```

Mraba huu huitwa ramani ya sifa. Umekwambia mpaka ulipo, na kimya kwingine kote, iwe ni gizani au mwangani. Filta hii ni kitafuta mipaka ya wima.

Hakiki kwa mashine:

```python
import torch
import torch.nn as nn

picha = torch.zeros(1, 1, 6, 6)
picha[..., 3:] = 1
filta = torch.tensor([[-1., 0, 1]] * 3).view(1, 1, 3, 3)
print(nn.functional.conv2d(picha, filta))
```

Kuhusu swali la kwanza: hapa namba za filta nimeziandika mimi ili uone kazi yake. Kwenye mtandao halisi huandiki kitu. Filta huanza na namba za kubahatisha, na mafunzo huzirekebisha kwa njia ileile yanavyorekebisha uzito wa tabaka la kawaida. Namba za filta ndizo uzito wenyewe.

(Msomi wa hisabati atakukumbusha kwamba konvolusheni ya vitabuni hugeuza filta kwanza, juu chini na kushoto kulia. PyTorch haigeuzi. Kwa kuwa filta zinafundishwa, haibadilishi chochote kwako.)

Hatua ya 2: Ione filta ndani ya tabaka la kawaida

Hatua hii wengi huiruka, nami naiona kuwa ndiyo yenye faida kuliko zote kwako uliyetoka kwenye matabaka ya kawaida.

Chukua ile picha ya 6 kwa 6 na uinyooshe iwe orodha ya namba 36. Jibu la 4 kwa 4 nalo linyooshe liwe namba 16. Kama ungeunganisha hizi mbili kwa tabaka la kawaida, ungehitaji jedwali la uzito lenye nafasi 16 × 36, yaani 576. Konvolusheni uliyoifanya hivi punde ni jedwali hilohilo, ila limewekewa masharti mawili.

Sharti la kwanza: kila nyuroni ya kutokea inaona pikseli 9 tu, zile zilizo chini ya dirisha lake. Uzito wake kwa pikseli 27 nyingine ni sifuri, milele. Kati ya nafasi 576 zimebaki 144 zenye kitu. Sharti la pili: nyuroni zote 16 zinatumia namba tisa zilezile. Kwa hiyo zile nafasi 144 zimejazwa na namba 9 tofauti tu, zikijirudia.

Basi tabaka la konvolusheni si mnyama mpya. Ni tabaka la kawaida lililofungwa mikono kwa makusudi, kwa dhana kwamba pikseli jirani zina uhusiano, na kwamba kinachofaa kutafutwa kona ya juu kinafaa kutafutwa na kona ya chini. Dhana hiyo ikiwa ya kweli unaokoa uzito mwingi mno. Ikiwa si ya kweli, utaona mwishoni kinachotokea.

Hatua ya 3: Badilisha mruko, ongeza ukingo

Hatua ya 1 ulisogeza filta pikseli moja moja. Idadi hiyo ya pikseli kwa kila msogeo nitaiita mruko. Kwenye msimbo ni `stride`. Rudia zoezi kwa mruko wa 2. Filta inaanza safuwima ya kwanza, kisha ya tatu, halafu ikitaka kuanza ya tano inakosa nafasi, kwa sababu picha inaishia ya sita. Jibu lako ni la 2 kwa 2:

```
0 3
0 3
```

Tazama karatasi yako vizuri: safuwima ya sita haikuguswa hata mara moja, na mstari wa sita vilevile. PyTorch hailalamiki hali hii ikitokea. Inakata kimya kimya. Picha ikiwa na kitu muhimu ukingoni, kimepotea.

Dawa moja ni kuzungushia picha ukingo wa sifuri, ambao kwenye msimbo ni `padding`. Ukingo wa upana wa 1 unaifanya picha ya 6 kwa 6 iwe ya 8 kwa 8, na filta ya 3 kwa 3 yenye mruko wa 1 inarudisha 6 kwa 6 kamili. Lakini ukingo nao una gharama. Jaribu kwenye mstari wa katikati wa picha yetu, utapata:

```
0 0 3 3 0 -3
```

Ile -3 ya mwisho ni mpaka wa uongo. Filta imeona mwanga ukiisha ghafla na sifuri kuanza, ikadhani picha ina mpaka pale. Katika mfano huu `ReLU` itaifuta kwa kuwa ni hasi, ila filta yenye alama kinyume ingeiacha ipite. Mtandao kwa kawaida hujifunza kuishi na kasoro hii, na mimi hutumia ukingo karibu kila mara. Jua tu kwamba ukiona ramani ya sifa inang'aa pembezoni pande zote, huenda ni ukingo unaoongea, si picha.

Fomula ya ukubwa ni moja, na ndiyo pekee ya kukariri. Ukiwa na upande wa pikseli n, filta ya upana k, ukingo p na mruko s:

```
kutoka = (n + 2*p - k) // s + 1
```

Alama `//` ni kugawanya na kutupa baki. Baki linalotupwa ndiyo ile safuwima ya sita iliyoachwa.

Hatua ya 4: Pulingi

Pulingi ni kugawa ramani ya sifa katika miraba midogo na kubakiza namba moja kwa kila mraba. Iliyozoeleka hubakiza namba kubwa kuliko zote, katika miraba ya 2 kwa 2 isiyopandana. Haina uzito wa kufundishwa hata mmoja.

Chukua ramani ya 4 kwa 4 ya hatua ya 1, yenye mistari ya `0 3 3 0`. Kila mraba wa 2 kwa 2 una 3 ndani yake, kwa hiyo unabaki na 2 kwa 2 iliyojaa 3. Ramani imepungua hadi robo, na habari kwamba kuna mpaka imebaki.

Utasoma mahali pengi kwamba pulingi inaufanya mtandao usijali kitu kikihama kidogo. Nusu ni kweli. Rudi kwenye karatasi, sogeza mpaka pikseli moja kushoto, yaani kila mstari uwe `0 0 1 1 1 1`. Filta sasa inatoa `3 3 0 0`, na pulingi inatoa `3 0`. Kabla ya hapo ilikuwa `3 3`. Pikseli moja tu, na jibu limebadilika. Pulingi inapunguza athari ya kuhama, haiiondoi. Inategemea kitu kimeangukia wapi kwenye mipaka ya ile miraba.

Je, ni lazima? Hapana. Yann LeCun na wenzake mwaka 1989, walipofundisha mtandao kusoma tarakimu za misimbo ya posta, walitumia filta za 5 kwa 5 zenye mruko wa 2, bila tabaka la pulingi. Mruko na pulingi vyote hupunguza ukubwa. Kwa anayeanza napendekeza pulingi, kwa sababu unaona wazi ukubwa unapungulia wapi.

Hatua ya 5: Hesabu chaneli

Hapa ndipo wengi hujikwaa, kwa hiyo soma polepole.

Tabaka moja huwa na filta nyingi. Filta 8 zikipita juu ya picha ya MNIST zinatoa ramani 8 za sifa, zikipangwa kama karatasi 8 juu ya nyingine. Kila karatasi ni chaneli. Picha ya MNIST yenyewe ina chaneli 1 kwa kuwa haina rangi. Picha ya rangi huwa na 3.

Sasa tabaka la pili likiwa na filta za 3 kwa 3, linapokea chaneli 8. Filta haichagui chaneli moja. Inazitoboa zote 8 kwa pamoja: namba 9 kwa kila chaneli, jumla 72, na vyote vinajumlishwa kuwa namba moja. Tunasema 3 kwa 3, ila umbo lake halisi ni 3 kwa 3 kwa 8. Hilo ndilo jibu la swali la pili. Tabaka hilo likiwa na filta 16, kila moja ina namba 72 na baiasi 1, kwa hiyo jumla ni 16 × 73 = 1,168.

Kosa la kawaida ni kudhani kwamba chaneli 8 zikipita kwenye filta 16 zitatoka 128. Zinatoka 16. Idadi ya chaneli zinazotoka ni idadi ya filta, basi.

Hatua ya 6: Jenga mtandao, ukifuata ukubwa

```python
mtandao = nn.Sequential(
    nn.Conv2d(1, 8, kernel_size=3, padding=1),
    nn.ReLU(),
    nn.MaxPool2d(2),
    nn.Conv2d(8, 16, kernel_size=3, padding=1),
    nn.ReLU(),
    nn.MaxPool2d(2),
    nn.Flatten(),
    nn.Linear(16 * 7 * 7, 10),
)
```

Kabla ya kuufundisha, andika ukubwa kwenye karatasi. Picha inaingia 28 kwa 28. Konvolusheni yenye ukingo inaiacha 28. Pulingi inaifanya 14. Konvolusheni ya pili inaiacha 14, pulingi inaifanya 7. Chaneli mwishoni ni 16. Ukizinyoosha unapata 16 × 7 × 7 = 784, na hilo ndilo jibu la swali la tatu. (Kwamba 784 ni sawa na 28 × 28 ni sadfa ya namba nilizochagua. Usitafute maana humo.)

Kisha hakiki:

```python
x = torch.zeros(64, 1, 28, 28)
for tabaka in mtandao:
    x = tabaka(x)
    print(type(tabaka).__name__, tuple(x.shape))
```

Mpangilio wa namba nne kwenye PyTorch ni: picha ngapi kwenye fungu, chaneli, kimo, upana. Mstari wa mwisho unaochapishwa lazima uwe `Linear (64, 10)`.

Uzito wote ni 80 kwa tabaka la kwanza, 1,168 la pili, na 7,850 kwa `Linear`: jumla 9,098. Mtandao wa kawaida wenye tabaka moja la nyuroni 128 katikati ungekuwa na 101,770. Na ona kwamba hata hapa sehemu kubwa ya uzito iko kwenye `Linear`, si kwenye konvolusheni.

Filta ya 3 kwa 3 itaonaje tarakimu nzima? Haioni. Lakini kila namba kwenye ramani ya mwisho ya 7 kwa 7 imejengwa kutokana na eneo la pikseli 10 kwa 10 za picha ya mwanzo, kwa sababu tabaka la pili linatazama ramani ambayo tayari imefupishwa. Kuziunganisha sehemu hizo kuwa tarakimu ni kazi ya `Linear`.

Kufundisha hakuna jipya: `CrossEntropyLoss`, `Adam` yenye kasi ya 0.001, mafungu ya picha 64, kama ulivyozoea.

Mambo yakigoma

*Kosa la `mat1 and mat2 shapes cannot be multiplied (64x400 and 784x10)`.* Soma namba, zinasema kila kitu. `Linear` imetarajia 784, imeletewa 400. 400 ni 16 × 5 × 5, kwa hiyo ramani ya mwisho ni ya 5 badala ya 7. Fuata: 28, 26, 13, 11, 5. Umesahau ukingo kwenye konvolusheni zote mbili. Usibadilishe 784 kuwa 400 ili kosa liondoke tu. Kwanza amua kama ulitaka ukingo au hukuutaka.

*Kosa linaloishia na `expected input[1, 64, 28, 28] to have 1 channels, but got 64 channels instead`.* Umeleta fungu lenye umbo la (64, 28, 28), bila nafasi ya chaneli. PyTorch imelidhani kuwa picha moja yenye chaneli 64. Ongeza nafasi hiyo kwa `x.unsqueeze(1)`.

*Kosa la `Kernel size can't be greater than actual input size`.* Umefupisha mno. Kila pulingi inagawa upande kwa mbili: 28, 14, 7, 3, 1. Ondoa pulingi moja.

*Hakuna kosa, ila mtandao haujifunzi vizuri kwenye picha zako za rangi.* Hili ndilo baya kuliko yote kwa kuwa halipigi kelele. Maktaba nyingi za kusoma picha huweka chaneli mwisho: kimo, upana, rangi. Ukigeuza umbo kwa `x.view(3, 32, 32)`, umbo linakuwa sahihi lakini pikseli zimechanganywa kama karata. Hasara inashuka kidogo, nawe unalaumu filta. Mimi nilipoteza jioni mbili hapo. Tumia `x.permute(2, 0, 1)`, na kila mara chora picha moja kwenye skrini baada ya kuigeuza.

*Mtandao wa konvolusheni unashindwa na ule wa kawaida.* Kumbuka masharti mawili ya hatua ya 2, kisha fanya jaribio hili: chagua mpangilio mmoja wa kubahatisha wa zile pikseli 784, na uutumie uleule kuzivuruga picha zote za MNIST, za kufundishia na za kupimia. Mtandao wa kawaida hautajali, kwani kwake mpangilio wa namba zinazoingia hauna maana yoyote. Wa konvolusheni utashuka, kwa sababu majirani si majirani tena. Kama data yako ni jedwali lenye safuwima za umri, uzito na kimo cha mtu, iko hivyohivyo tangu mwanzo: kupanga umri karibu na uzito ni uamuzi wa aliyechora jedwali, na filta haitapata chochote cha kutafuta hapo.